e^x ≥ 1 + x na ln x ≤ x − 1: wapi uanze na ipi

Swali la mdau: "Wakuu habari zenu, tumepewa darasani kwamba e^x ≥ 1 + x na ln x ≤ x − 1. Kuthibitisha naweza, lakini sioni zinasaidia nini, na nikikutana na swali sijui nianze na ipi. Msaada tafadhali."

Mkuu salama. Mimi nafundisha hesabu kidato cha tano na sita, na hili naulizwa kila mwaka, kwa hiyo nitakupa mfano mmoja tu ila tuufanye mpaka mwisho. Ni lile swali la siku za kuzaliwa: chumbani wawepo watu wangapi ili uwezekano wa wawili kugongana tarehe uvuke nusu? Jibu linajulikana, 23. Ila wengi wanalipata kwa kubonyeza kalkuleta mara ishirini na kitu na hawajui kwa nini imekuwa 23 na sio 22. Hizi mbili zako zinakuonyesha yote mawili kwenye nusu ukurasa.

Tuchukue mwaka wa siku 365, tarehe 29 Februari tuiache, na kila siku iwe na nafasi sawa. Uwezekano kwamba watu n wote wana tarehe tofauti ni zao hili:

```
P(n) = (1 − 1/365)(1 − 2/365) ... (1 − (n−1)/365)
```

Shida iko hapo hapo, ni zao refu na mazao marefu hayashikiki kwa mkono. Sasa angalia, kila mabano yana sura ya 1 + x ambapo x = −k/365, kwa hiyo kila mabano hayazidi e^(−k/365), na ukizidisha e zenye vipeo unajumlisha vipeo tu. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya e^x ≥ 1 + x kwenye maisha yake yote: inakugeuzia zao kuwa jumla. Kwa watu 23, 1 + 2 + ... + 22 ni 253, basi

```
P(23) ≤ e^(−253/365)
```

Sisi tunataka P(23) iwe chini ya nusu, na nusu ni e^(−ln 2), kwa hiyo inatosha 253/365 iwe kubwa kuliko ln 2. Ukipiga, 253/365 ni 0.693151 na ln 2 ni 0.693147. Imepita! Lakini ona ilivyopita, tofauti iko kwenye desimali ya sita. Mwanafunzi aliyezungusha kwa desimali tatu anapata 0.693 kwa 0.693 na hana cha kusema, kwa hiyo ukiona pande mbili zimekaribiana hivyo usizungushe kabisa, andika desimali zote ulizonazo. Kama hutaki kubanwa namna hiyo tumia iliyo kali zaidi, ln(1 − t) ≤ −t − t²/2 kwa t kati ya 0 na 1, ambayo inakupa P(23) isiyozidi 0.493, na thamani yenyewe ni 0.4927.

Haya, hapo tumeonyesha 23 wanatosha. Je 22? Hapa ndipo watu wanapoteleza. Wanarudia ile ile, 1 mpaka 21 jumla yake 231, wanapata P(22) ≤ e^(−231/365) ambayo ni karibu 0.531, halafu wanaandika "0.531 imezidi nusu, kwa hiyo 22 hawatoshi". Hapana. Umeonyesha P(22) haizidi 0.531, sasa nani kakwambia sio 0.48? Kikomo cha juu hakikuambii kitu kuhusu chini. Kabla hujachagua utumie ipi jiulize kwanza unataka kusema "haizidi" au "haipungui", ukishajua hilo nusu ya swali imekwisha.

Tunataka "haipungui", kwa hiyo tunahitaji kitu cha kuishika kwa chini. Chukua ln x ≤ x − 1 na pale penye x weka 1/x. Unapata −ln x ≤ 1/x − 1, yaani

```
ln x ≥ 1 − 1/x
```

Huhitaji kuthibitisha kitu kipya, ni ile ile umeigeuza. Kwa hiyo kwa x yoyote chanya, ln x imebanwa kati ya 1 − 1/x na x − 1, na zote tatu zinakutana kwenye x = 1. Hii ya kugeuza naisisitiza sana maana vitabu vingi vinaipita haraka halafu mtihanini ndiyo inayotakiwa.

Weka x = 1 − k/365, ukirahisisha unapata ln(1 − k/365) ≥ −k/(365 − k). Kwa watu 22, k haivuki 21, kwa hiyo chini ya mstari hakuna namba ndogo kuliko 344, na kila kipande k/(365 − k) hakizidi k/344. Jumlisha vyote:

```
ln P(22) ≥ −231/344
```

Hiyo 231/344 ni 0.6715, ndogo kuliko 0.6931, kwa hiyo P(22) haipungui e^(−0.6715), karibu 0.511, na imezidi nusu kwa haki. Watu 22 hawatoshi, 23 wanatosha, na jambo limeisha bila kuzidisha mabano hata moja.

Kuna vitu viwili vya kuangalia unapotumia njia hii kwingine. Kwanza, zinabana vizuri karibu na mahali pa usawa tu, x = 0 kwa ya e na x = 1 kwa ya ln. Hapa ilifanya kazi kwa sababu k/365 ni ndogo. Watu wakiwa 60 kikomo cha juu kinakupa 0.0078 wakati P(60) yenyewe ni 0.0059, bado ni kweli lakini imeanza kulegea. Pili, e^x ≥ 1 + x ni kweli kwa x yoyote hata −4, ila kuzidishana pande kwa pande kunaruhusiwa pale 1 + x isipokuwa hasi. Jaribu x = −4: 1 + x ni −3, ukiipandisha kipeo cha pili ni 9, na upande wa pili una e^(−8) ambayo haifiki hata 0.001. Imepinduka yote. Kwenye swali letu mabano yote yalikuwa chanya ndiyo maana sikusimama, lakini wewe kwenye karatasi andika hiyo sentensi, wasahihishaji wanaitafuta.

Ukitaka kujipima, badilisha siku ziwe miezi 12, uchukulie miezi iko sawa, utafute watu wangapi ili wawili kuzaliwa mwezi mmoja ivuke nusu. Kwa watu 5 ya juu inakupa 10/12, kwa watu 4 ya chini inakupa 6/9, linganisha zote na 0.6931. Ukikwama mahali weka hatua zako hapa tuziangalie.