Salio la benki si faida ya kikundi

"Kikundi chetu kilipokea milioni 12 za kisima na milioni 1.5 za ada. Mwisho wa mwaka benki kuna milioni 5.3. Hiyo ndiyo faida?"

Hapana, ndugu yangu. Duka huhesabu kilichobaki kwa mwenyewe. Kikundi huhesabu kila fedha ilitolewa kwa kazi gani. Kama kisima kimekula milioni 7, milioni 5 bado ni za kisima. Ada zikiwa zimelipa pango la milioni 1.2, mnachoweza kujipangia ni laki 3 tu.

Gaweni daftari la fedha safu mbili, mfuko wa kisima na mfuko wa ada, kila risiti iandikwe mfuko wake. Nimeona kikundi kikilipa mishahara kwa fedha za mradi "kwa muda", mfadhili akadai zirudishwe. Mkitaka kubadili matumizi, ombeni idhini ya maandishi kwanza. Na jumla ya mifuko ikizidi salio la benki bila maelezo, mwiteni mkaguzi.