Sufre, zinki na uso wa mafuta: maswali yenu

"Dada, uso wangu unatoka mafuta na butoni kwenye paji. Nilianza sabuni ya sufre asubuhi na mangaribi, sasa kando ya pua na kwenye nyusi ngozi inabanduka. Niongeze ao niache?" Msichana wa Katindo

Usiongeze mdogo wangu. Kuna vitu viwili hapa vinafanana kwa macho lakini dawa zake zinapingana, kwa hiyo tuvitenganishe kwanza. Sabuni ikikukausha, magamba yanakuwa membamba, meupe, makavu, na yanakuja kila mahali povu ilifika, hata kwenye mashavu, na ukimaliza tu kunawa uso unavuta na unawasha kama umeungua. Lakini kama ni mba ya uso, magamba yanakuwa na mafuta mafuta, ya manjano kidogo, yanapenda kando ya pua, kwenye nyusi, nyuma ya masikio na pale nywele zinaanzia, na kwa ngozi yetu nyeusi mara nyingi unaona tu madoa yamepauka kuliko uso mwingine. Mba hiyo inaletwa na kuvu ndogo inaitwa Malasezia, sisi wote tuko nayo, inakula mafuta ya ngozi.

Sasa fanya hivi. Juma moja acha sabuni ya sufre kabisa, nawa na sabuni laini isiyo na harufu, mara mbili kwa siku inatosha. Mashavu yakitulia na kuvuta kukiisha, ujue ile sehemu ilikuwa sabuni. Kando ya pua na nyusi zikibaki na magamba ya mafuta, hiyo ni mba na sufre haikuwa adui wako, ila uliitumia mingi mno.

Kwa mba chukua shampo ya mba yenye pirithioni ya zinki, asilimia 1 inatosha. Ukiwa unaoga tia povu yake kando ya pua, kwenye nyusi na kwenye mstari wa nywele, funga macho, iache dakika 3 mpaka 5 halafu suuza vizuri. Watu wengi wanaosha mara moja wanasuuza mara moja halafu wanasema shampo ni ya uongo, kumbe haikupata muda wa kugusa kuvu. Fanya mara 3 kwa juma kwa karibu mwezi mmoja, kisha mara moja kwa juma ya kuzuia, juu mba inarudi ukiisahau. Soma karatasi ya chupa kabla ya kulipa, juu Ulaya walikataza pirithioni ya zinki kwenye vipodozi tangu mwezi wa 3 mwaka 2022, na chupa yenye jina lile lile ikitoka kule inaweza kuwa na dawa nyingine ndani. Si mbaya, ila ujue unanunua nini.

Butoni za paji ndiyo kazi ya sufre. Rudisha ile sabuni baada ya juma lile, mangaribi tu, mara 2 ao 3 kwa juma, povu kwenye paji dakika 1, suuza. Usipeleke kando ya pua penye kubanduka. Na tafazali usipake mafuta ya mawese, ya nazi wala ya zeituni juu ya magamba hata kama mama amesema ngozi iko na kiu, yale ndiyo chakula cha kuvu. Vazelini kidogo ao gliserini uliyochanganya na maji mkononi, hiyo kuvu haiwezi kuikula. Mwezi ukiisha bila mabadiliko, ao magamba yakianza kutoa maji, enda kwa dokta wa ngozi, pengine unahitaji dawa nyingine ya kuua kuvu, ketokonazoli.

"Nafanya kazi kwenye biro na watu wengi, sabuni ya sufre inanisaidia lakini harufu ya yai bovu inanihaibisha. Nifanye nini?" Kaka wa Himbi

Sufre yenyewe kwenye boksi hainuki sana. Ikigusa ngozi inageuka kidogo kidogo kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi, na kugeuka kule kule ndiko kunalegeza ngozi ya juu iliyoziba vinyweleo. Kwa hiyo harufu inatembea pamoja na kazi, huwezi kuiondoa yote, ila unaweza kuchagua inakuja saa ngapi na inakaa wapi. Peleka sufre yote mangaribi. Ile ya kusuuza inaacha harufu kidogo kuliko pomadi inayolala usoni, kwa hiyo kama uko na pomadi ya asilimia 5 weka juu ya butoni tu, dakika 10, kisha osha uso na mikono. Badilisha foronya mara nyingi, kitambaa kinashika harufu kuliko ngozi. Marashi juu yake yanatoa harufu ya tatu mbaya kuliko zile mbili, hiyo nimeiona kwa wateja wengi. Na toa pete na cheni ya feza kabla ya kunawa, sufre inaigeuza nyeusi.

"Nilikuwa na sabuni ya kungʼarisha kutoka soko, nikaongeza ya sufre kwa butoni. Siku chache uso umekuwa mweusi kama masizi na unanuka. Sufre imeniunguza?" Mama wa Ndosho

Mama, acha zote mbili leo, na hii nakuambia kwa moyo wote. Sabuni na krema zingine za kungʼarisha ziko na zebaki, ile watu wanaita merkiri, na sufre ikikutana na zebaki kwenye ngozi inatoa ile harufu kali na inaweza kupaka ngozi rangi nyeusi. Kwa hiyo ule weusi ni alama kwamba pengine kuna zebaki ndani, hata kama karatasi haikuandika. Zebaki inapita kwenye ngozi inaingia mwilini na inaharibu mafigo, na kwa mwenye mimba ama anayenyonyesha inafika kwa mtoto. Mkataba wa Minamata, ule wa dunia juu ya zebaki, unakataa vipodozi vya kungʼarisha vyenye zebaki.

Nawa na maji na sabuni laini, usisugue na jiwe wala kitambaa kigumu juu kusugua kunaacha madoa yake yenyewe juu ya yale. Weka boksi kwenye mfuko, peleka kwa dokta, mwambie umeitumia miezi mingapi, na umuombe apime mkojo na mafigo. Ukitetemeka mikono ao miguu ikivimba, enda siku hiyo hiyo.

"Pomadi nyeupe ya zinki ya mtoto, naweza kupaka uso muzima kwa butoni?" Msomaji wa Majengo

Hapana. Ile ni oksidi ya zinki ndani ya mafuta mazito, inakaa juu ya ngozi kama ukuta, inatuliza na kukinga, lakini haiui kuvu kama pirithioni na inaziba vinyweleo vya uso wa mafuta. Pahali moja inasaidia: ngozi ya kando ya pua iliyopasuka sababu ya sufre, tone dogo usiku, siku 2 ao 3.

"Bakitrimu iliniletea vidonda vibaya. Sufre pia nikatae?" Kijana wa Virunga

Sufre ya sabuni si ile familia ya dawa za sulfa kama Bakitrimu na Fansidari, kwa hiyo aleji yako haikuzuii. Lakini kuna losheni zinazochanganya sufre na sulfasetamidi, na hiyo ya pili ndiyo ndugu ya Bakitrimu. Ukiona jina hilo kwenye chupa, rudisha kwenye kaunta.