Kabla hujatia sahihi mkataba wa nyumba Ujerumani: Kaltmiete, Nebenkosten na Kaution

Swali: Habari za kazi, kaka. Mimi ni muuguzi, nimehamia Leipzig miezi miwili iliyopita na sasa nimepata nyumba ya vyumba viwili. Tangazo lilisema yuro 420, lakini mkataba unasema nitalipa 580 kila mwezi, halafu kuna Kaution ya 1.740 ambayo mwenye nyumba anaitaka yote kabla ya kunipa funguo. Nebenkosten ni nini hasa? Na hiyo Kaution itarudi kweli? Natakiwa kurudisha mkataba Ijumaa.

Jibu: Nzuri, dada. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya Ijumaa, maana katika huo mkataba kuna kosa la yuro 480.

Anza na tarakimu ya 420. Kwenye mkataba utaiona imeandikwa Kaltmiete au Nettokaltmiete. Hiyo ndiyo kodi yenyewe, malipo ya kukaa ndani ya kuta zile na basi. Wajerumani wanaiita kodi "baridi" kwa sababu haijahesabu kupasha nyumba joto. Juu yake mwenye nyumba ameongeza 160 za Nebenkosten, na jumla yake, 580, ndiyo Warmmiete, yaani kiasi kitakachotoka benki kila mwezi. Matangazo mengi hutanguliza Kaltmiete kwa herufi kubwa, hayo mengine yanafuata chini kwa maandishi madogo.

Sasa Kaution, ambayo ni amana. Sheria ya Ujerumani, kifungu cha 551 cha BGB, yaani kitabu cha sheria za kiraia, inasema amana haizidi Kaltmiete 3. Hesabu inafanywa kwa kodi baridi, si kwa Warmmiete. Kwako ni 420 mara 3, yaani yuro 1.260. Mwenye nyumba wako amezidisha 580 mara 3, ndiyo maana akapata 1.740. Huenda amekosea tu, huenda amefanya makusudi; kisheria haijalishi. Kile kilichozidi hakina nguvu hata ukiwa umekitilia sahihi, kwa sababu kifungu hichohicho kinasema makubaliano yoyote yanayomuumiza mpangaji katika jambo hili ni batili.

Hilo la kulipa yote kabla ya funguo nalo halisimami. Una haki ya kulipa amana kwa mafungu 3 yaliyo sawa: 420 mkataba unapoanza, 420 pamoja na kodi ya mwezi wa pili, na 420 pamoja na kodi ya mwezi wa tatu. Mwandikie mwenye nyumba sentensi hii, fupi na ya heshima:

Laut § 551 BGB beträgt die Kaution höchstens drei Nettokaltmieten, hier also 1.260 Euro. Ich zahle sie gern in drei Monatsraten. Bitte passen Sie den Vertrag an.

Najua unachowaza: Leipzig nyumba hazipatikani kirahisi, na anayebishana kabla ya kusaini anaweza kuona nyumba ikipewa mwingine. Ukiona hali ni hiyo, saini, kisha lipa 1.260 kwa mafungu na umweleze kwa maandishi kwa nini. Ukilazimika kulipa yote 1.740, zile 480 ni zako na unaweza kuzidai. Usizilaze tu, kwa sababu dai hilo hufa miaka 3 baada ya mwisho wa mwaka uliolipa. Ila usikae bila kulipa mafungu yanayokuhusu. Deni la amana likifikia kiasi cha Kaltmiete 2, mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba papo hapo.

Pesa yenyewe haiendi mfukoni mwake. Anatakiwa kuiweka benki mbali na mali yake, kwenye akaunti inayozaa riba, na hiyo riba, hata ikiwa ndogo, ni yako. Akifilisika, amana isiguswe na wadai wake. Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua mwaka 2010 kwamba mpangaji anaweza kuzuia malipo ya amana mpaka atajiwe akaunti ya namna hiyo. Kwa hiyo muulize namba ya akaunti ya amana, na uhamishe kwa benki ukiandika "Kaution" na anwani ya nyumba. Fedha taslimu mkononi, hapana. Na kama kuna ndugu yako anayetafuta nyumba huku akiwa bado Nairobi au Dar, mwambie: anayeomba amana kabla mtu hajaiona nyumba, akisema funguo atazituma kwa posta, ni mwizi.

Tuje kwenye zile 160, maana hapo ndipo nawaona wengi wakiumia. Tafuta neno linalofuata baada ya Nebenkosten au Betriebskosten. Likiwa Pauschale, unalipa kiasi maalumu na mwisho wa mwaka hakuna hesabu, umetumia kidogo au kingi. Likiwa Vorauszahlung, na mikataba mingi iko hivyo, basi 160 si bei. Ni makadirio unayotanguliza. Mwaka ukiisha mwenye nyumba anajumlisha gharama halisi za jengo, anakukatia fungu lako, mara nyingi kwa kufuata ukubwa wa nyumba kwa mita za mraba, na joto kwa sehemu kubwa kwa kufuata kipimo cha mita zako za joto. Hesabu hiyo inaitwa Abrechnung. Ukiwa umetanguliza zaidi, unarudishiwa. Ukiwa umetanguliza pungufu, unadaiwa Nachzahlung.

Ndani ya hayo mna maji, kuzoa taka, usafi wa ngazi, taa za ngazini, bima ya jengo, kodi ya ardhi na majengo inayoitwa Grundsteuer, lifti kama ipo, na mara nyingi joto. Nasema mara nyingi, kwa hiyo hakikisha. Soma kama Heizkosten zimetajwa ndani ya zile 160. Kuna nyumba zenye mashine yake ya gesi ndani, Gasetagenheizung, ambapo gesi unafungua mkataba wako mwenyewe, na hapo 580 yako si Warmmiete ya kweli. Umeme wa nyumbani kwako karibu kila mara uko nje. Tafuta kampuni wiki ya kwanza, usipotafuta unaangukia Grundversorgung, yaani umeme wa kampuni ya msingi ya eneo lako, ambao kwa kawaida ni ghali zaidi. Ongeza na ada ya redio na televisheni, Rundfunkbeitrag, yuro 18,36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo.

Nikupe kisa cha mteja wangu mmoja, naye ni muuguzi. Alikuwa anatanguliza 130 kwa mwezi, yaani 1.560 kwa mwaka. Ikaja Abrechnung inayosema fungu lake ni 2.048, kwa hiyo anadaiwa 488 ndani ya siku 30. Alikuja ofisini na barua ameikunja mara nne, na tayari alikuwa ameazima pesa kwa rafiki ili alipe. Tukaikunjua mezani tukapita mstari kwa mstari na kalamu. Mstari wa sita ulisema Verwaltungskosten, 252. Hizo ni gharama za kampuni inayomsimamia mwenye nyumba mali yake, na mpangaji wa nyumba ya kuishi hatakiwi kuzilipa. Chini kidogo kulikuwa na Instandhaltung Dach, 96. Huko ni kukarabati paa, na ukarabati ni mzigo wa mwenye nyumba. Tukazitoa zote mbili, 348. Fungu lake la kweli likawa 1.700, deni likashuka kutoka 488 hadi 140.

Tuliomba pia kuona risiti, ambayo ni haki ya kila mpangaji. Zile 140 zilikuwa halali. Ziliingia kwenye joto: majira yote ya baridi aliacha dirisha limeinamishwa kidogo huku kipasha joto chini yake kikiwaka. Siku hizi hufungua madirisha wazi kabisa dakika 5 au 10, akiwa amezima kipasha joto, kisha anafunga. Mwenye nyumba baadaye alipandisha malipo yake hadi 142 kwa mwezi, na hilo lilikuwa sawa, kwa kuwa 1.700 ukigawa kwa 12 unapata karibu kiasi hicho.

Maneno mawili ya kuyasaka kwenye Abrechnung yoyote ni hayo, Verwaltung na Instandhaltung, pamoja na ndugu yake Reparatur. Ada ya pamoja ya televisheni ya kebo nayo haitakiwi tena tangu tarehe 1 Julai 2024. Angalia na tarehe uliyoipokea. Hesabu ya mwaka 2024, kwa mfano, ilitakiwa kukufikia kabla ya mwaka 2025 kuisha. Ikichelewa kwa uzembe wa mwenye nyumba, hawezi tena kukudai nyongeza, ila kama wewe ndiye unayerudishiwa, anabaki kudaiwa. Nawe una miezi 12 tangu uipokee kuleta pingamizi.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa mwombe mwenye nyumba Abrechnung ya mwaka uliopita ya nyumba hiyohiyo. Hilo ndilo swali ninalolithamini kuliko yote, kwa sababu makadirio madogo huipendezesha Warmmiete kwenye tangazo, halafu deni linakungoja mwakani. Kama mpangaji aliyetangulia alitumia 2.300 na wewe unatanguliza 1.920, anza kuweka yuro 32 pembeni kila mwezi.

Kuhusu kurudi kwa amana: inarudi, lakini hairudi siku ya kuondoka. Mwenye nyumba anapewa muda wa kukagua, kwa kawaida kati ya miezi 3 na 6, na anaweza kushikilia kiasi kidogo zaidi ya hapo kama Abrechnung ya mwisho haijatoka. Kiasi kidogo, si amana nzima. Usijaribu kuacha kulipa kodi miezi 3 ya mwisho ukisema akate kwenye amana. Hairuhusiwi, na utakuwa umeingia deni.

Kinachoamua kama utarudishiwa yote ni karatasi ya siku ya kwanza, Übergabeprotokoll. Pita chumba kwa chumba na mwenye nyumba, uandike kila mkwaruzo sakafuni, kila tundu la msumari, tarakimu za mita za maji, joto na umeme, na idadi ya funguo, kisha nyote mtie sahihi. Piga picha za simu. Andika pia kama kuta hazikuwa zimepakwa rangi. Tangu uamuzi wa mahakama wa mwaka 2015, mpangaji aliyekabidhiwa nyumba isiyokarabatiwa bila kufidiwa ipasavyo halazimishwi kuipaka rangi anapotoka, hata kama kifungu cha Schönheitsreparaturen kimo kwenye mkataba. Lakini bila Protokoll itakubidi uthibitishe hali ya kuta zilivyokuwa miaka 4 nyuma, na hapo nimeona watu wakipoteza amana waliyostahili.

Ukipenda mtu wa kukusomea mkataba mzima, tafuta Mieterverein ya Leipzig, chama cha wapangaji. Unajiunga kwa ada ya mwaka, nao wanakuandikia barua kwa mwenye nyumba. Mkataba peleka wote, na kurasa za nyongeza zinazoitwa Anlage, kwa kuwa orodha ya Betriebskosten mara nyingi imekaa huko nyuma.