Karibu: huduma zetu za usafi, maeneo tunayofika, na sababu ya kuuliza kwanza kuhusu sakafu yako

Karibuni sana. Sisi ni wanawake wanne na kijana mmoja tunaosafisha nyumba za watu katika sehemu za mashariki na kaskazini za Kampala na katika Manispaa ya Kira, wilayani Wakiso. Kila anayewasiliana nasi kwa mara ya kwanza hupokea swali ambalo pengine hakulitarajia: sakafu yako ni ya nini? Ni vigae, terazo, saruji tupu au mbao? Naomba nieleze sababu ya swali hilo, kwa kuwa linaonyesha namna tunavyofanya kazi, na litamfaa hata atakayeamua kusafisha nyumba yake mwenyewe.

Kabla ya kuanzisha huduma hii niliajiriwa katika kazi hii hii. Siku moja tulipelekwa kwenye nyumba ya zamani yenye sakafu ya terazo sebuleni na madoa ya manjano chooni. Tulipewa dawa moja tu, ile ya tindikali inayouzwa kwa ajili ya choo, tukaambiwa tuitumie kila mahali. Chooni ilifanya kazi vizuri. Sebuleni ilitoa povu jembamba, nami nikadhani ni uchafu unaobanduka, lakini sakafu ilipokauka tuliona mabaka meupe yaliyofifia, na mzee mwenye nyumba akasimama mlangoni akiyatazama bila kusema neno. Terazo ni vipande vya mawe, mara nyingi marumaru, vilivyoshikwa kwa saruji kisha vikasuguliwa hadi vikang'aa, na tindikali hula marumaru na saruji pia. Mng'ao ukishaliwa hivyo haurudi kwa kupiga deki, bali kwa kusuguliwa upya kwa mashine ya mawe, kazi ambayo ni ya fundi mwingine na ina gharama kubwa.

Tangu siku hiyo sijaruhusu tindikali, siki wala maji ya ndimu kugusa terazo ya mtu. Ikiwa hujui sakafu yako ni ya aina gani, tone moja la ndimu katika kona iliyofichika nyuma ya mlango litakuonyesha: likitoa vipovu vidogo, jua kwamba hapo pana marumaru au saruji, na ulifute mara moja kwa kitambaa chenye maji. Sakafu kama hiyo tunaiosha kwa sabuni ya maji isiyo kali na maji ya kutosha.

Jambo la pili ni vumbi letu jekundu. Anayeishi kando ya barabara ya murramu anajua kwamba mwezi wa Januari meza huwa nyekundu kabla ya chakula cha mchana. Wengi hulikabili vumbi hilo kwa jiki, wakidhani kwamba kinachong'arisha nguo nyeupe kitaondoa kila rangi, kumbe wekundu wa udongo wetu unatokana na madini ya chuma yaliyokwisha kushika kutu, na jiki haiwezi kuondoa rangi ya kutu. Jiki huua vijidudu, na kwa kazi hiyo tunaitumia chooni na kwenye sinki baada ya kuosha kwa sabuni. Hatuichanganyi kamwe na dawa ya choo yenye tindikali, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu, na choo kidogo kisicho na dirisha ndipo mahali pabaya zaidi pa kukosea.

Kinachoondoa vumbi jekundu ni mpangilio wa kazi. Siku moja ya kiangazi tulisafisha nyumba ya vyumba viwili vya kulala huko Najjera, ambayo mpangaji alikuwa amehama na mwingine alitarajiwa jioni ile ile. Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuipiga deki mara mbili, na bado sakafu ya vigae ilikuwa na utando wa rangi ya chungwa. Tulifika saa mbili asubuhi tukiwa watatu, na kwa saa mbili za kwanza hatukugusa maji hata kidogo. Tulianza juu, kwenye pangaboi, fito za mapazia na nyavu za madirisha, tukishuka kwa brashi laini na mashine ya kufyonza vumbi hadi sakafuni, kwa sababu vumbi likikutana na maji kabla ya kuondolewa hugeuka tope na kuingia katika mistari iliyo kati ya vigae. Ndipo tukaosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia, tukimwaga maji kila yalipobadilika rangi. Siku hiyo maji ya bomba yalikuwa yamekatika, nasi tukatumia jerikeni saba za lita ishirini. Mistari ya vigae tuliisugua kwa brashi ndogo, hatua kwa hatua, na hiyo ndiyo iliyokula muda wetu mwingi. Tulimaliza saa tisa alasiri.

Kosa la yule mama lilikuwa dogo nalo ni la kawaida: alitia sabuni nyingi na hakusuuza. Sabuni inayobaki sakafuni hunata, na vumbi la kesho hulala juu yake. Utaitambua hali hiyo ukiona nyayo kwenye sakafu iliyooshwa jana, au ukipitisha kitambaa cheupe chenye unyevu kikateleza na kutoka na ukungu wa kijivu. Dawa yake ni kuosha kwa maji matupu mara mbili.

Basi, kazi tunazozifanya ni usafi wa kila juma au kila mwezi, usafi wa kuhamia na kuhama, usafi baada ya mafundi kumaliza ujenzi, na kuosha makochi, mazulia na magodoro. Makochi tunayaosha asubuhi tu, na katika miezi ya mvua kubwa kama Aprili na Novemba tunaweza kukuomba usubiri siku yenye jua, kwa kuwa sponji ikilala na maji usiku kucha huanza kunuka, na harufu hiyo ni ngumu kuiondoa kuliko doa lenyewe. Hatuoshi madirisha ya nje ya ghorofa, hatupulizii dawa ya kunguni, wala hatuzibui mashimo ya maji taka. Kazi hizo zina watu wake wenye vifaa na mafunzo.

Kwa upande wa Kampala tunafika Ntinda, Bukoto, Kisaasi, Kyanja, Nakawa na Bugolobi. Kwa upande wa Kira tunafika Kira yenyewe, Najjera, Naalya, Kyaliwajjala, Namugongo, Kireka na Bweyogerere. Entebbe na Mukono hatufiki kwa sasa, kwa sababu msongamano wa magari ungetula saa ambazo mteja anazilipia, nasi tunapenda kuwa mlangoni kwako saa mbili kama tulivyoahidi.

Unapowasiliana nasi, tutajie mtaa wako, idadi ya vyumba, aina ya sakafu, na kama maji ya bomba yapo au tuje na jerikeni zetu. Tutumie pia picha ya sehemu inayokusumbua zaidi, iliyopigwa mchana karibu na dirisha. Kwa nyumba ya kuhamia au iliyotoka kwa mafundi, mmoja wetu atakuja kuitazama kwanza bila malipo, na bei atakayokupa siku hiyo ndiyo utakayolipa kazi ikiisha na wewe mwenyewe ukiwa umepita chumba kwa chumba.