Aota Iliyotanuka Tumboni: Namba ya Ultrasaundi, na Wakati wa Kuacha Kusubiri

Ripoti ya ultrasaundi ikisema aota yako imetanuka, sentensi yenye uzito kuliko zote ni ile inayotaja upana. Namba hiyo ndiyo inayoamua kama utarudi kupimwa baada ya miaka, baada ya miezi, au utapelekwa moja kwa moja kwa daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu. Wagonjwa wengi huishika namba peke yake bila kuuliza ilipatikanaje, na hapo ndipo hofu isiyo na sababu huanzia, au utulivu usio na msingi.

Aota ni mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, ukashuka mbele ya uti wa mgongo, na kugawanyika karibu na usawa wa kitovu kuelekea miguu yote miwili. Chini ya figo upana wake wa kawaida ni kama sentimita 2. Ukifika sentimita 3 unahesabiwa kuwa umetanuka. Huu si uvimbe wa saratani. Ni ukuta wa mshipa uliodhoofika na kusukumwa nje na shinikizo la damu.

Kwa mwanaume, upasuaji huanza kuzungumzwa kwa dhati mtanuko ukifika sentimita 5.5. Kwa mwanamke ni 5.0, kwa kuwa mshipa wake ni mwembamba tangu mwanzo na huweza kupasuka ukiwa na upana mdogo zaidi. Mpaka huo wa 5.5 haukubuniwa mezani. Majaribio mawili makubwa, moja la Uingereza lililotoa matokeo mwaka 1998 na jingine la Marekani mwaka 2002, yalilinganisha watu wenye mtanuko wa kati ya 4.0 na 5.5: wengine walipasuliwa mapema, wengine wakafuatiliwa kwa vipimo. Waliopasuliwa mapema hawakuishi zaidi ya waliofuatiliwa. Kwa hiyo daktari akikuambia usubiri na 4.6 yako, hajakupuuza. Upasuaji nao una hatari zake, na katika upana huo hatari hizo hazilipwi na faida yoyote iliyothibitishwa.

Muda wa kurudi kupimwa hutofautiana kulingana na mwongozo unaofuatwa. Uingereza hupima kila mwaka kuanzia 3.0 hadi 4.4, na kila miezi mitatu kuanzia 4.5 hadi 5.4. Madaktari wa mishipa wa Marekani hupendekeza kila miaka mitatu kwa 3.0 hadi 3.9, kila mwaka kwa 4.0 hadi 4.9, na kila miezi sita kwa 5.0 hadi 5.4. Usishangae basi ukikuta mwenzako mwenye upana kama wako anaitwa mara nyingi zaidi.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Mpimaji huisimamisha picha kwenye skrini, kisha huweka alama mbili, moja kila upande wa mshipa, na mashine husoma umbali kati yake. Alama zikikaa kwenye kingo za ndani za ukuta, namba inakuwa ndogo. Zikikaa kwenye kingo za nje, inakua kwa milimita kadhaa, mara nyingi 3 hadi 5, ingawa mshipa ni uleule. Njia zote mbili hutumika duniani, na zote ni halali; kosa la kwanza ni kuchanganya moja na nyingine.

Kosa la pili ni kuukata mshipa kimshazari. Aota iliyotanuka mara nyingi hupinda, na mawimbi ya sauti ya mashine yasipoikata kwa pembe mraba, duara hugeuka yai na upana unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ndiyo maana kipimo cha kutoka mbele kwenda nyuma huaminika kuliko cha kulia kwenda kushoto. Kosa la tatu huenda upande wa pili na ni la hatari zaidi: ndani ya mtanuko mara nyingi kuna damu iliyoganda ukutani, na mpimaji akipima tu njia inayopitisha damu, ataandika namba ndogo huku ukuta wenyewe uko mbali zaidi. Gesi tumboni nayo huficha mshipa, kwa hiyo ukiambiwa uende bila kula, fuata.

Tuchukue mfano wa mwanaume wa miaka 70. Mwaka jana aliandikiwa 4.7. Mwaka huu, kwenye kituo kingine, ameandikiwa 5.5. Kwa haraka inaonekana mshipa umetanuka milimita 8 kwa mwaka, na tayari umegusa mpaka wa upasuaji. Picha zikifunguliwa, inaonekana za mwaka jana zilipimwa ukingo wa ndani kwa ndani, na za mwaka huu ukingo wa nje kwa nje, tena pembeni, mahali aota ilipopinda. Picha ya zamani ikipimwa upya kwa kingo za nje inatoa 5.0. Anapimwa tena kwa njia hiyohiyo, mbele kwenda nyuma, kwa pembe mraba: 5.2. Ongezeko la kweli ni karibu milimita 2, mwendo wa kawaida kabisa kwa mtanuko wa namna hii. Anarudi kusubiri.

Baada ya miezi sita ni 5.3, na miezi sita mingine 5.5. Mpimaji wa pili anarudia bila kuonyeshwa jibu la kwanza, naye anapata 5.5. Sasa kuna mfululizo wa namba zilizopimwa kwa njia moja, na unaweza kuaminika. Hapo ndipo CT skani yenye dawa ya kuonyesha mishipa inapoombwa, maana ultrasaundi haitoshi kupanga upasuaji.

CT hutazama zaidi ya upana. Hutazama kipande cha aota kisichotanuka kilichobaki kati ya mishipa ya figo na mwanzo wa mtanuko. Kikiwa kifupi sana, kwa kawaida chini ya milimita 10 hadi 15, bomba la kawaida linaloingizwa ndani ya aota kupitia mishipa ya kinena, ili damu ipite humo badala ya kusukuma ukuta dhaifu, halipati mahali pa kushika. Linaposhika vizuri, mgonjwa hupona haraka na hatari ya siku za mwanzo ni ndogo kuliko ya kufunguliwa tumbo. Gharama yake ni kufuatiliwa kwa picha maisha yote, kwa sababu damu inaweza kuvuja tena nyuma ya bomba na mtanuko ukaendelea kukua. Upasuaji wa wazi ni mzito mwanzoni ila hudumu vizuri. Mwenye moyo au mapafu dhaifu sana anaweza kushauriwa aendelee kusubiri hata akiwa juu ya 5.5, na huo nao ni uamuzi halali.

Kuna mambo yanayoharakisha uamuzi kabla ya 5.5. Ongezeko la kweli la sentimita 1 au zaidi kwa mwaka ni mojawapo. Mtanuko uliochomoza upande mmoja kama kifuko, badala ya kutanuka pande zote, ni jingine. Uvutaji sigara huongeza kasi ya kutanuka na hatari ya kupasuka, na hakuna kidonge kilichothibitishwa kufanya kazi ambayo kuacha sigara hufanya.

Unapochukua ripoti, omba iandikwe kingo zilizotumika na mwelekeo wa kipimo, na ubaki na nakala ya picha zenyewe. Na ukipata maumivu mapya ya tumbo, mgongo au ubavu yasiyoisha, hasa yakiambatana na kizunguzungu au jasho baridi, usisubiri tarehe ya kupimwa hata kama namba ya mwisho ilikuwa 4.8. Ita gari la wagonjwa, na neno la kwanza kumwambia anayekupokea ni kwamba una aota iliyotanuka.