Umerithi mradi wa maji uliokwama: anza na kupima, ahadi baadaye

"Wakuu, nimekabidhiwa mradi wa maji wa vijiji vitatu, umelala mwaka na nusu. Meneja wa awali kaondoka, mkandarasi hayupo saiti, wananchi walichanga hela zao na sasa hawataki hata kutuona. Mfadhili kasimamisha malipo. Ripoti ya mwisho inasema tumefika asilimia 78. Nianzie wapi ili waniamini?"

Mkuu, anzia kwenye hiyo 78. Nitakueleza alivyofanya dada mmoja aliyepewa mradi unaofanana na wako karibu kila kitu, huku Tanzania, kisima kirefu kimoja na vijiji vitatu. Vijiji sivitaji.

Na yeye alikuta asilimia nzuri kwenye karatasi. Wiki mbili za kwanza hakuitisha mkutano wowote. Alichukua michoro, futi kamba ya mita 50, nondo iliyochongwa ncha, na fundi mmoja wa wilaya, wakatembea njia yote ya bomba kwa miguu. Kila mita 100 wanachoma nondo chini kutafuta bomba, wanafukua kidogo, wanapima kina, wanapiga picha na kuandika. Kati ya kilomita 11 za bomba walikuta kilomita 3.2 tu ndizo zimefukiwa. Mnara wa tenki umesimama. Pampu na paneli za sola zimo stoo, bado kwenye maboksi. Vituo vya kuchotea maji vinatakiwa 15, vinne vina msingi wa zege na hakuna chenye koki.

Asilimia 78 ilitoka wapi basi? Haikuwa uongo moja kwa moja. Ilihesabiwa kwa hela iliyolipwa, na vifaa vikifika saiti mkandarasi hulipwa sehemu kubwa ya bei yake. Pampu, paneli na rola za mabomba ndivyo vinavyokula bajeti. Kuchimba mtaro, kuunga bomba na kufunga koki ni hela ndogo kwenye mkataba, ila ndiyo kazi inayoleta maji. Kwa hiyo mradi unaweza kufika 78 bila ndoo moja kujaa, na mama anayeamka saa kumi usiku kwenda bwawani analiona hilo kabla ya mhandisi.

Jambo zito zaidi lilikuwa kwenye hesabu ya kisima, na hapa naomba uende nami polepole. Kiwango cha sera yetu ya maji ya 2002 kwa vijijini kilikuwa lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisizidi mita 400 kutoka nyumbani, na koki moja kwa watu 250. Vijiji vile vina watu 2,400 kila kimoja, jumla 7,200. Mahitaji ni lita 180,000 kwa siku, yaani mita za ujazo 180. Jaribio la kisima lilionyesha mita za ujazo 20 kwa saa, na mtaalamu akashauri kivutwe asilimia 60 tu ya hapo, yaani 12 kwa saa, ili kisikauke kiangazi. Gawanya 180 kwa 12 unapata saa 15 za kusukuma. Msanifu wa kwanza aliweka jenereta, na saa 15 zikawezekana. Baadaye dizeli ikaonekana ghali, kikao kikaamua sola, na hakuna aliyerudi kwenye hesabu. Jua la kusukuma kwa nguvu kamili unalipata saa 6 hivi kwa siku. Mara 12, ni mita za ujazo 72. Watu 2,880. Kijiji kimoja na kipande.

Maana yake hata kama mkandarasi angemaliza kila kitu siku ile, vijiji viwili vingekuwa na koki zinazokohoa hewa. Ukirithi mradi, hiki ndicho kitu cha kutafuta kwanza: uamuzi mmoja uliobadilishwa katikati na hesabu zake zikabaki za zamani. Utakuta kipo.

Kabla hajamwambia mtu yeyote, alifungua jalada la dhamana. Dhamana ya benki ya malipo ya awali, yaani ahadi ya benki kurudisha hela aliyotangulizwa mkandarasi akishindwa kazi, ilikuwa imebakiza siku 19 kuisha. Ikiisha huna tena cha kumshika nacho mkandarasi, na hela ya awali iliyobaki imekwenda. Alimwandikia siku hiyohiyo aihuishe, nakala kwa benki, akiweka wazi kwamba isipohuishwa atadai fedha kabla ya tarehe. Ikahuishwa. Watu wengi huanza na vikao vya maridhiano na kukumbuka dhamana mwezi wa pili, na hapo wanakuwa wanaomba.

Mkandarasi naye alipokuja alikuwa na lake. Hati yake ya malipo ilikaa mezani miezi mitano kwa sababu msimamizi hakusaini vipimo. Yeye akawa hajalipa vibarua waliochimba mitaro, na vibarua ni watoto wa vijiji vilevile, ndiyo maana hakuna mtu aliyetaka kusikia jina la mradi. Dada yule hakuingia kwenye ubishi wa nani alianza. Walitembea tena ile njia, safari hii pamoja na mkandarasi, wakajaza fomu ya vipimo na kusaini wote wawili palepale porini, kila jioni. Penye mwamba bomba lilikuwa na kina cha sentimita 40 badala ya 90, sehemu hizo zikatolewa kwenye malipo mpaka zirekebishwe. Kilichobaki kililipwa, kwa sharti moja: hati iambatane na orodha ya vibarua yenye saini zao kwamba wamelipwa. Vibarua walipata hela zao wiki ya sita. Hakuna hotuba ambayo ingefanya kazi ile.

Ndipo akaitisha mkutano wa vijiji vyote vitatu, kupitia wenyeviti na watendaji, si kwa gari lenye spika. Mzee mmoja alimuuliza kabla hajasalimia vizuri: "Wewe ni wa ngapi?" Akajibu ni wa tatu. Kisha akasema vitu viwili tu. Kwanza, maji ya kisima hiki kwa sola yanatosha kijiji kimoja, na akaonyesha hesabu kwa ndoo kwenye karatasi kubwa, kwa sababu mita za ujazo hazimwambii mtu kitu: ndoo 3,600 za lita 20 kwa siku, wakati vijiji vitatu vinahitaji 9,000. Pili, michango. Daftari lilikuwa na kaya 389, vishina vya risiti vilionyesha 412. Majina yote yakabandikwa ofisi ya kijiji, na yale 23 yaliyorukwa yakawekwa alama ili wenyewe waje na risiti. Kelele zilikuwepo, tena nyingi. Vijiji viwili viliondoka vimenuna. Lakini hakutaja tarehe ya maji, na alipobanwa sana alisema atataja baada ya jaribio la presha ya bomba.

Kijiji kilichochaguliwa kuanza ni kile kilicho karibu na tenki, chenye zile kilomita 3.2. Mahitaji yake ni mita za ujazo 60 kwa siku, ndani ya 72 za sola. Vituo vitano vya koki mbili mbili. Sababu ikaandikwa kwenye muhtasari na wenyeviti wote watatu wakasaini, maana usipoandika, baada ya mwezi itasemekana diwani alipendelea kwao.

Jaribio la presha likafeli. Bomba lilikuwa la milimita 90, rola za mita 100, kwa hiyo viungo 31 vya kuchomelea, vyote vilifukiwa bila kujaribiwa. Presha ya kazi ni mita 60 za kimo cha maji, ukijaribu unapandisha hadi mita 90, yaani mara moja na nusu. Walijaza maji polepole kutoka chini, wakatoa hewa sehemu za juu, wakapandisha, na geji ikaanza kushuka dakika ileile. Ukikuta hivyo usichimbe ovyo. Gawa njia vipande vya mita 500 au 600, ziba ncha, jaribu kimoja kimoja. Angalia pia kwamba presha ya bomba la plastiki hushuka kidogo mwanzoni kwa sababu bomba lenyewe linatanuka. Unaijaza tena, unasubiri, ndipo unaanza kuhesabu. Uvujaji hausimami, kutanuka kunazidi kupungua. Walipata viungo vinne vibovu. Sababu ilikuwa vumbi kwenye nyuso za bomba na fundi aliyefungua kibanio kabla kiungo hakijapoa.

Kamati ya maji iliambiwa jioni ileile, na wajumbe wawili wakapelekwa mtaroni kushika kile kiungo kilichokatwa wakione kwa macho. Wangeambiwa baada ya wiki, ingekuwa hadithi nyingine ya kuchelewa. Kuanzia hapo kila jaribio lilikuwa na wajumbe wawili wa kamati wakisoma geji na kuandika wenyewe.

Kwa mfadhili alituma ukurasa mmoja: safu ya kilichoripotiwa, safu ya kilichopimwa, na safu ya tofauti yenye picha. Hakuomba hela kwenye barua hiyo. Mwezi uliofuata aliomba malipo yafuate matokeo matatu yanayopimika: pampu imetoa mita za ujazo 12 kwa saa, bomba limeshika presha, na kila koki inajaza ndoo ya lita 20 chini ya dakika mbili. Mfadhili alikubali awamu ya kwanza ndogo. Kijiji cha kwanza kilipopata maji, alituma fundi wake na saa ya mkononi, akajaza ndoo kumi. Koki moja ya mwisho wa njia ilichukua dakika tatu, ikaandikwa hivyohivyo kwenye ripoti pamoja na sababu: hewa imenasa kwenye kilima, vali ya hewa haikufungwa. Awamu ya pili haikuhitaji kikao.

Vijiji viwili vilivyobaki vilihitaji umeme wa saa 9 zaidi kwa siku. Laini ya njia tatu ilikuwa kilomita 1.8 kutoka kisimani, na fedha ya dharura ya mkataba ikahamishiwa huko kwa idhini ya mfadhili na RUWASA wilaya, wakala wa maji vijijini. Jenereta ilikataliwa na kamati yenyewe baada ya kupiga hesabu ya dizeli kwa bei ya ndoo. Siku kamati inakataa kitu kwa hesabu zake, ujue kazi yako imekuwa nyepesi. Mkutano wa mwisho kabla nguzo hazijafika, mwenyekiti wa kijiji cha tatu hakuuliza maji yanakuja lini. Aliuliza kama kisima kimepimwa tena kiangazi, na karatasi iko wapi.

Wewe leo fungua jalada uangalie tarehe za dhamana. Kesho tafuta karatasi ya jaribio la kisima, uangalie pampu ilipangiwa saa ngapi kwa siku na chanzo gani cha nguvu. Ukizipata, ziweke hapa tupige hesabu pamoja.