Maputo 3, 1, 5, 8: ile 98 inatoka wapi, na kwa nini uanze na puto la mwisho

> Wakuu, swali la kupasua maputo limenishinda. Ukipasua puto unapata sarafu sawa na namba yake mara ya jirani wa kushoto mara ya jirani wa kulia, na pasipo na jirani panahesabiwa 1. Nachagua puto la kupasua kwanza, nagawa orodha kushoto na kulia, halafu dp inatafuta jumla kubwa. Kwa 3, 1, 5, 8 jibu ni 167, mimi napata 98. Nimeandika upya mara tatu, bado 98. Nakosea wapi?

Mkuu, hiyo 98 naifahamu vizuri, nilikaa nayo siku mbili nzima nikijiandaa kwa usaili wa kazi. Tuanze nayo, maana ndiyo inayoonyesha kosa lenyewe.

Chukua kila puto, lizidishe na majirani wake wa mwanzoni kabisa. La 3 linatoa 1×3×1 = 3, la 1 linatoa 3×1×5 = 15, la 5 linatoa 1×5×8 = 40, na la 8 linatoa 5×8×1 = 40. Jumlisha: 98. Kwa hiyo msimbo wako haukuchagua chochote. Hata ungeanza na puto lipi, kila puto lilihesabiwa mara moja, na majirani wale wale wa mwanzo. Ile `max` ilikuwa inalinganisha 98 na 98.

Chanzo ni kwamba ukipasua puto la katikati kwanza, pande mbili hazitengani, bali zinakutana. Pasua la 1 na papo hapo 3 na 5 wanakuwa majirani. Tangu hapo sarafu za upande wa kushoto zinategemea nani bado amesimama kulia, na wewe umeshazigawa kama vipande viwili visivyojuana.

Mimi kilichonifungua macho ni vizibo vya soda. Niliandika namba kwa kalamu ya wino mzito, vizibo vinne mezani, na viwili vyenye 1 pembeni ambavyo haviondolewi kamwe. Nikaondoa kimoja kimoja kwa mpangilio unaoleta 167, kisha nikauangalia mchezo ule ule kuanzia nyuma: kizibo cha mwisho kubaki kilikuwa 8, na wakati wa kukiondoa majirani wake walikuwa zile 1 mbili za pembeni, basi. Sikuhitaji kukumbuka chochote kilichotokea kabla. Hapo ndipo nilipoelewa swali la kuuliza.

Usiulize lipi linapasuka kwanza, uliza lipi linabaki mwisho. Chukua kipande chenye kingo mbili, `l` na `r`, na maputo yaliyo kati yao tu. Kingo zenyewe hazipasuki katika kipande hicho. Tuseme puto `k` ndilo la mwisho humo ndani. Siku yake ikifika wenzake wote wameshaondoka, kwa hiyo majirani wake ni `l` na `r`, na sarafu zake ni `a[l]*a[k]*a[r]` bila shaka yoyote. Zaidi ya hapo, kwa kuwa `k` limesimama muda wote, maputo ya kushoto kwake hayakuwahi kukutana na ya kulia. Sasa zile pande mbili ni huru kweli: kushoto ni kipande chenye kingo `l` na `k`, kulia ni chenye kingo `k` na `r`. Puto lile lile ni la kupasuka kwa kipande kikubwa, na ni ukuta kwa vipande vidogo.

Tujaribu kipande chenye kingo 3 na 8, ndani yake kuna 1 na 5. Puto la 1 likibaki mwisho, la 5 linapasuka mapema likiwa kati ya 1 na 8 na kutoa 40, kisha la 1 linatoa 3×1×8 = 24, jumla 64. La 5 likibaki mwisho, la 1 linatoa 3×1×5 = 15, kisha la 5 linatoa 3×5×8 = 120, jumla 135. Tunaandika 135 kwenye jedwali na hatukihesabu tena kipande hicho. Angalia lile la 5: ukilikimbilia mwanzoni linakupa 40, ukilisubirisha hadi 3 na 8 wawe majirani zake linakupa 120. Ndiyo maana kuchukua puto lenye faida kubwa kwa wakati huo hakufikishi 167.

Orodha nzima, pamoja na zile 1 za pembeni, nayo ni kipande. La 3 likiwa la mwisho jumla ni 162, la 1 ni 52, la 5 ni 75, la 8 ni 159 + 8 = 167.

```python
def maxCoins(nums):
    a = [1] + nums + [1]
    n = len(a)
    dp = [[0] * n for _ in range(n)]
    for upana in range(2, n):
        for l in range(n - upana):
            r = l + upana
            for k in range(l + 1, r):
                s = dp[l][k] + dp[k][r] + a[l]*a[k]*a[r]
                dp[l][r] = max(dp[l][r], s)
    return dp[0][n - 1]
```

Kitanzi cha nje kinatembea kwa upana wa kipande, na hilo usilibadilishe kwa kuona ni urembo. Niliwahi kuandika `l` kutoka 0 kwenda juu na `r` ndani yake, nikapata 63. Ukiona 63 kwa mfano huu, jua ni hilo: `dp[k][r]` inasomwa kabla haijajazwa, kwa hiyo upande wa kulia unahesabiwa sifuri kila mara. Ukipenda kuanza na `l`, ipeleke kutoka juu kushuka chini.

Kuhusu muda, kwa maputo 300, ambayo ndiyo mengi kabisa kwenye swali namba 312 la LeetCode, mstari wa ndani unafanyika mara 4,545,100. Hilo si tatizo. Maputo yenye 0 unaweza kuyaondoa kabla ya kuanza, kwa sababu yenyewe hayatoi kitu na yakiwa yamesimama yanaua faida ya majirani.

Kwenye usaili niliulizwa pia mpangilio wenyewe, si jumla tu. Hifadhi `k` iliyoshinda kwa kila kipande. Kipande kizima kinasema 8, kilicho kushoto kwake kinasema 3, ndani ya hicho kuna 5, kisha 1. Hao ni wa mwisho wa kila kipande, kwa hiyo unapochapisha chapisha kwanza kushoto, halafu kulia, halafu ndipo `k` yenyewe. Unapata 1, 5, 3, 8, na sarafu ni 15, 120, 24 na 8.